Kidonda kisichopona: jicho na hadubini, nani aanze?

"Slaidi zote za hadubini siku hizi ziko kwenye simu, ya nini tena kupoteza masaa kutazama vipande vya nyama kwenye chupa za fomalini?"

Wanaosema hivi wana hoja, tena sio ndogo. Nyama ikikaa miaka kwenye fomalini inapoteza rangi, kidonda kilichokuwa chekundu kinageuka kijivu kama maini yaliyochemshwa, na wanafunzi wengi wanaishia kukariri kwamba chupa ile ya pembeni ndo figo. Na jibu la kansa au sio kansa linatoka kwenye slaidi, hapo sina ubishi.

Ila hebu tuchukue mgonjwa mmoja. Mzee aliungua muundi wa mguu akiwa mtoto, likabaki kovu, baadaye likapasuka likawa kidonda, kinapona kinarudi, miaka thelathini hivyo hivyo. Miezi ya karibuni upande mmoja wa ukingo umeinuka, umekuwa mgumu na unanuka. Ndo kinachoitwa kidonda cha Marjolin, jina la daktari Mfaransa aliyeandika habari za vidonda vya kwenye makovu mwaka 1828, ingawa yeye hakuvitambua kuwa kansa.

Kidonda hicho kimoja kina inflamesheni, kupona na kansa vyote pamoja, na kila unachokiona kwa macho kina mwenzake kwenye slaidi. Utando wa njano katikati ni tishu iliyokufa imejaa nyutrofili, zile seli nyeupe za damu zinazokimbilia kwenye jeraha. Zile chembe nyekundu kama ufuta chini yake, kila moja ni kitanzi cha vishipa vipya vya damu vyenye kuta nyembamba, ndo maana ukigusa tu na gozi damu inatoka. Kovu lenyewe jeupe na gumu kwa sababu ni kolajeni iliyoshonana yenye vishipa vichache, kwa hiyo ngozi ya juu yake inalishwa vibaya na haikawii kupasuka tena. Ukingo unaopona unateremka taratibu kuelekea ndani, ngozi mpya nyembamba inatambaa juu ya wekundu, wakati ukingo wa kansa umejikunja kwenda nje kwa sababu seli zinazaliana zaidi ya nafasi iliyopo. Ukiukata ni mweupe, mgumu, na wakati mwingine kuna vipunje vya rangi ya krimu, na vipunje hivyo ukivikuta kwenye slaidi ni keratini, ile protini ngumu ya ngozi na kucha, maduara ya waridi yaliyopangana kama maganda ya kitunguu.

Sasa mtu aliyesomea slaidi peke yake anaenda kuchukua biopsi, yaani kipande cha kupeleka kupimwa. Anakata katikati, maana ndo panatisha zaidi, jibu linarudi "inflamesheni na tishu iliyokufa, kansa haijaonekana", mzee anarudishwa nyumbani na bandeji. Hadubini haikudanganya hata kidogo, ilijibu kuhusu kile ilicholetewa.

Na hapa kuna hesabu ambayo mimi hainitoki kichwani. Slaisi moja ya slaidi ina unene wa kama mikroni 4. Sentimita moja ni mikroni 10,000, kwa hiyo uvimbe wa sentimita 4 ukiukata wote unapata slaisi 10,000, na wewe umekaa unatazama moja, haya tuseme tatu. Nani alichagua hizo tatu? Jicho na kisu, kabla hadubini haijawashwa.

Upande wa pili, wa hadubini, nao una siku yake, tusiwaonee. Kidonda sugu kinaweza kuinua ukingo bila kansa yoyote, ngozi inazidi tu kuota na kushusha mizizi mirefu chini, na kwa macho huwezi kuapa ni kipi. Inabidi uangalie kama viini vya seli ni vikubwa, vyeusi, vya maumbo ya ajabu, na kama seli zimejitenga zikaingia chini kabisa. Lakini hata hapo, kipande kikilazwa vibaya kwenye nta kikakatwa mshazari, mizizi ya kawaida inatokea kama visiwa vilivyojitenga, mtu anasoma kansa pasipo na kansa na mguu unaweza kwenda hivi hivi. Dawa yake ni kukata ukingoni, kipande kishike ngozi nzima kidogo na kidonda kidogo, kishuke mpaka mafuta, halafu maabara wakisimamishe wima. Maelekezo yote hayo ni ya macho.

Kwa hiyo slaidi za kwenye simu ziendelee, mimi mwenyewe nazitumia kwenye daladala, ila kila moja iwekewe picha ya kidonda chenyewe kikiwa kibichi, na mstari unaoonyesha kisu kilipita wapi.