Theluthi inayobaki ni ya nani?

"Mshahara ni wangu na rejesho nitalipa mimi. Benki inawahusu nini nibaki na shilingi ngapi?"

Lalamiko hili, la muuguzi mmoja wa Temeke aliyekataliwa mkopo, nimelisikia kwa watumishi wengi wa Dar es Salaam. Si la kupuuza. Ila nadhani afisa mikopo aliyemkatalia ameeleweka vibaya, maana hesabu anayoipiga wengi hatujawahi kuipiga wenyewe hadi mwisho.

Tuchukue mshahara wa msingi wa shilingi 900,000 serikalini. Mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, PSSSF, unachukua asilimia 5, yaani 45,000. Kodi ya mshahara inapigwa kwenye 855,000 zilizobaki na inafika 91,750. Bima ya afya, asilimia 3, ni 27,000. Bodi ya Mikopo, kwa aliyesomeshwa nayo, asilimia 15: 135,000. Kabla hajamwona mkopeshaji yeyote, 298,750 zimeshaondoka na mkononi zimebaki 601,250.

Hapo ndipo kanuni ya theluthi inapoingia: makato yote kwa pamoja yasile zaidi ya theluthi mbili ya mshahara wa msingi. Lazima abaki na 300,000, kwa hiyo rejesho la juu kabisa ni 301,250. Watu wakiambiwa "theluthi mbili" hudhani zote ni za mkopo, kumbe karibu nusu yake ilishaliwa na makato ya kisheria.

Je, kikomo hiki ni kikali? Tumpe rejesho la 300,000, tujumlishe na lile la Bodi, kisha tugawanye kwa mshahara kabla ya makato. Madeni yanabeba asilimia 48 ya kipato. Marekani, kanuni ya mikopo ya nyumba iliyoanza kutumika mwaka 2014 ilitumia asilimia 43 kama mpaka wa mkopo salama, hadi ilipobadilishwa. Anayesema benki zetu zinabana aitazame hiyo 48 kwanza. Aitazame pia 300,000 inayobaki: uwiano huu wa madeni kwa kipato unahesabiwa kwa mwezi, lakini mwenye nyumba wa Mbagala anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na Januari ada na sare vinakuja pamoja. Mwenye mshahara wa milioni 3 akibakiwa na theluthi ana milioni nzima. Asilimia ni ileile, maisha tofauti kabisa.

Kinachonikera zaidi ni muda. Kikomo kinatazama rejesho la mwezi tu, hakiulizi litakatwa miaka mingapi. Tuseme riba ni asilimia 17 kwa mwaka, inayokokotolewa kwenye salio. Rejesho la 300,000 kwa miaka minne linampa kama milioni 10.4, na atakuwa amelipa milioni 14.4. Akivuta hadi miaka saba, rejesho lilelile linampa kama milioni 14.7, lakini atalipa milioni 25.2. Kwa kuongezewa milioni 4.3 leo, analipa milioni 10.8 zaidi, na kwenye slipu ya mshahara huoni tofauti yoyote. Uwiano haujasogea hata chembe! Kisha mwaka wa tatu anarudi kuongeza mkopo, saa inaanza upya, na afisa yuleyule anagonga muhuri kwa sababu theluthi ipo.

Kwa hiyo afisa anapokataa, simlaumu. Namlaumu zaidi anapokubali haraka.

Upande wa pili una hoja moja nzito. Muuguzi yule ana duka la dawa muhimu analoendesha na mumewe, na fedha yake haionekani kwenye slipu. Kikomo kinamhesabu kama maskini kuliko alivyo. Akikataliwa anaishia kwenye mkopo wa kausha damu, anaacha kadi ya benki na namba ya siri kwa mkopeshaji, na mshahara ukiingia yule ndiye wa kwanza kufika kwenye mashine. Deni hilo halipo kwenye slipu, na kama mkopeshaji hana leseni, usitarajie kulikuta kwenye taarifa za kampuni zinazotunza kumbukumbu za wakopaji, Creditinfo au Dun & Bradstreet. Mkopeshaji wa pili atapiga uwiano wake na kuona mtu safi.

Hoja hiyo naikubali, ila dawa yake si kulegeza theluthi. Duka lina mihamala: miezi sita ya taarifa za simu na benki inatosha kuonyesha mwezi mbaya kabisa ulikuwaje, na kipato cha ziada kihesabiwe kwa huo mwezi mbaya, wala si kwa wastani. Benki inayokataa kuzisoma karatasi hizo kwa sababu slipu ni rahisi zaidi, hiyo muuguzi ana haki ya kuinunia.