Kikomo cha digrii au cha milimita?

"Nimeoka mwendo wa mhusika wa uhuishaji wa kompyuta, kila fremu ina kii, yaani alama inayoshika mzunguko wa kiungo. Nikipunguza kii kwa kuruhusu kosa la digrii 0.5 kote, miguu inateleza na vidole bado vimejaa kii. Niweke ngapi?"

Hakuna namba moja ya digrii itakayokufaa, kwa sababu digrii moja haina uzito sawa mwilini. Chukua mguu wenye sentimita 85 kutoka nyonga hadi kifundo. Nyonga ikikosea digrii 0.5, kifundo kinahama milimita 7 hivi. Goti, lililo sentimita 42 juu ya kifundo, likikosea vivyo hivyo upande uleule, linaongeza karibu 4. Kosa hilohilo kwenye pingili ya mwisho ya kidole, yenye sentimita 2.5, linasogeza ncha milimita 0.2 tu, na hapo unatunza kii ambazo hakuna jicho litakalozidai.

Ndiyo maana napendelea kupima kosa kwa mahali kiungo kilipo. Ondoa kii moja, kokotoa upya mkao wa mnyororo mzima wa viungo katika fremu zote zilizo kati ya kii jirani, kisha linganisha na mwendo wa awali uliookwa. Kosa likizidi milimita 2, rudisha kii. Usilinganishe na toleo lililokwisha kupunguzwa, maana makosa madogo yatarundikana kimyakimya.

Kipimo hiki kina upofu wake. Mkono wa mbele ukijisokota kwenye mhimili wake, kiungo cha kifundo cha mkono hakihami hata kidogo. Kipimo kikiishia hapo bila vidole, programu itafuta kii zote za msokoto huo na kuona kosa ni sufuri. Kichwa nacho, kisicho na kiungo baada yake, kitageuka ovyo. Dawa ni kubandika nukta za bandia kando ya kila mfupa, tuseme sentimita 3 nje ya mhimili, penye ngozi, na kuzipima pamoja na viungo.

Upofu wa pili ni kasi. Unyayo uliokanyaga unaweza kuelea ndani ya milimita 2 na bado ukaonekana unateleza, kwa kuwa awali ulikuwa umetulia kabisa. Fremu za kukanyaga zipewe kikomo chao, kama milimita 0.5, na kii za mwanzo na mwisho wa kukanyaga zisiguswe. Mkono unaopunga hewani utavumilia hata milimita 5.

Digrii hazijapoteza kazi, lakini. Hesabu yake ni nyepesi, kila grafu ya mzunguko inapunguzwa peke yake, na mwendo utakaohamishiwa mifupa mirefu zaidi hauwezi kutegemea milimita zilizopimwa kwenye mifupa mifupi: mguu ukirefuka mara mbili, kosa nalo linarefuka mara mbili. Mwendo wa namna hiyo uache umeokwa, uhamishe, ndipo upunguze kwenye mifupa utakayotumia.