Wabaganda, Kiluganda na sentensi iliyonichelewesha kulala

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: «Wabaganda wanazungumza Kiluganda na wanaishi Buganda.» Nilikuwa nahariri makala ya mtu, usiku umeshaingia, nikadhani nitaipita kwa dakika moja. Haikupitika. Mwandishi alikuwa na hoja yake, nami nilijua kuna kosa, ila kulieleza bila kusema tu «ndivyo tunavyosema» ilikuwa kazi.

Tuanze na lugha yenyewe ya Waganda. Mtu mmoja wanamwita Omuganda, wengi Abaganda, lugha Oluganda, nchi Buganda. Ukiyaweka majina hayo pamoja unaona kitu kimoja kisichobadilika, nacho ni -ganda. Huo ndio mzizi. Vilivyotangulia, yaani mu, ba, lu na bu, ni viambishi vinavyofanya kazi ileile inayofanywa na m, wa, ki na u kwetu. Kwa hiyo aliyeandika «Wabaganda» ameandika wingi mara mbili, mara moja kwa Kiswahili na mara moja kwa Kiganda. Na aliyeandika «Kiluganda» amesema «lugha ya lugha ya Ganda». Kiswahili kinapoazima jina la namna hii kinachukua mzizi na kuuvika nguo zake: Mganda, Waganda, Kiganda.

Mwandishi wangu alinijibu kwamba yeye anawaheshimu wenyewe, na wenyewe wanasema Luganda. Sawa. Basi aandike «Luganda» peke yake, bila ki. Mimi sitaipenda, lakini angalau haina nguo mbili. Kinachonifanya niitetee «Kiganda» ni kwamba ki yetu haibebi lugha tu, inabeba pia namna na asili ya kitu. Tunasema vazi la Kiganda, ngoma ya Kiganda, harusi ya Kiganda. Ukisema «ngoma ya Kiluganda» umeifunga ngoma ndani ya lugha. Jambo la kufurahisha ni kwamba Waganda wenyewe wanatenganisha mambo haya mawili: lugha ni Luganda, lakini mila na mambo ya jadi yanaitwa kwa ki, Kiganda. Lugha yao ina viambishi viwili pale ambapo sisi tunatumia kimoja.

Kuhusu «Buganda» sikumgusa. Kwa kanuni ingekuwa Uganda, na hapo ndipo kanuni inapogonga historia. Jina Uganda ni hiyohiyo Buganda katika umbo la Kiswahili, u badala ya bu, na Waingereza walilichukua kwa ajili ya himaya yao waliyoitangaza mwaka 1894. Baadaye himaya ikapanuka hadi kwa Waacholi, Walango, Wanyoro na wengine wengi, na jina likabaki lilelile. Leo Uganda ni nchi nzima, kwa hiyo ufalme tunauachia bu yake ili visichanganyike. Tatizo linahamia kwa mtu. Mganda ni wa ufalme wa Buganda au ni raia wa Uganda? Katika mazungumzo ya kawaida ni wote wawili. Mimi, habari ikimhusu Mwacholi, naandika «raia wa Uganda» na kulala kwa amani. Umbo «Muuganda» nimeliona, na najua linajaribu kutatua jambo la kweli, lakini u ya Uganda ni kiambishi chetu wenyewe, na kuweka m juu yake ni kurudia kosa la Kiluganda kwa mlango wa nyuma.

Basi kipimo changu ni hiki: chukua jina la mtu mmoja na jina la watu wengi katika lugha ya wenyewe, uone kinachobaki. Kinachobaki katika yote mawili usikikate. Kisichobaki ni kiambishi, kiondoe kabla ya kuweka chako.

Kipimo hiki kinatusaidia pale ambapo macho yanadanganya. Chukua Wakikuyu. Mtu aliyejifunza jana kwamba ki ni kiambishi cha lugha anaweza kushawishika kukata: Kikuyu ni lugha, basi watu ni Wakuyu na mmoja wao ni Mkuyu. Mkuyu ni mti! Wenyewe wanasema Mũgĩkũyũ na Agĩkũyũ. Gĩ imebaki kwa mmoja, imebaki kwa wengi, kwa hiyo ni sehemu ya jina, na sisi tunasema Mkikuyu, Wakikuyu. Lugha yao kwa hesabu kamili ingekuwa Kikikuyu, ila masikio yamekataa ki mbili kufuatana na watu wengi husema Kikuyu tu. Wengine huandika Kigikuyu. Sina ugomvi na lolote kati ya hayo mawili. (Na huyo mti si wa kuchekwa sana, maana mũkũyũ kwa Kikuyu ndio mkuyu wetu, na jina la watu hao limekuwa likihusishwa nao.)

Ugomvi ninao na «Mrwanda». Watu wanaona Mrundi, Warundi, Kirundi, wanadhani jirani naye ataenda hivyohivyo. Lakini Kirundi kina Umurundi na Abarundi, Kinyarwanda kina Umunyarwanda na Abanyarwanda. Lugha hizi mbili zinaelewana karibu kabisa, na bado moja inapitia nya na nyingine haipiti. Nya ipo kwa mtu, ipo kwa watu, ipo kwa lugha, inapotea kwenye jina la nchi tu. Kwa hiyo ni Mnyarwanda, Wanyarwanda, Kinyarwanda, na nchi inabaki Rwanda bila u.

Kipimo kina mahali kinaposhindwa, na ni vizuri kupajua. Lingala ina li ambayo kwa asili ni kiambishi kama lu ya Luganda. Ila si lugha ya kabila moja lenye Mngala wake ambaye sisi tunamjua, ni lugha iliyokulia kwenye biashara ya mto Kongo na kambi za askari. Tulilipokea jina likiwa zima, hatuna cha kulilinganisha nacho, na Kilingala kimeshakaa. Ukiandika «Kingala» leo hakuna atakayekuelewa. Nakiacha.

Mwisho wa usiku ule nilikuta kosa jingine kwenye ukurasa huohuo, dogo, na hili halihitaji kujua lugha ya mtu mwingine: «Wacholi» na «Kingereza». Kwenye maneno ya kawaida irabu huungana, wa na alimu zikawa walimu, ki na akula zikawa chakula. Kwenye majina ya watu na lugha hatuunganishi hivyo. M hugeuka mw, Mwacholi, Mwarabu, Mwingereza, lakini wa na ki hubaki nzima na irabu ya jina hubaki nzima: Waacholi, Waarabu, Kiarabu, Kiingereza. Ukila irabu moja unakula kipande cha jina, na anayesoma «Wacholi» bila kuwajua watu hao atadhani mmoja wao ni Mcholi.

Mwandishi aliyakubali yote isipokuwa Kiganda. Makala ikatoka ikiwa na «Luganda», bila ki.