Chupa ya Maji Haiwezi Kukuambia Samaki Ana Nini

Kila panapotokea wasiwasi kwamba zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu au dawa ya shambani imeingia ziwani, huja mtu na chupa, anachota maji, anayapeleka maabara, na baada ya wiki kadhaa wananchi wanatangaziwa kuwa maji yako ndani ya viwango. Matokeo hayo huenda ni ya kweli kabisa. Ninachopinga ni yale yanayojengwa juu yake: kwamba kwa kuwa maji ni salama, basi na samaki ni salama. Kwa sumu za aina fulani, hayo ni mambo mawili tofauti, na anayeyachanganya anawapotosha watu wanaokula samaki kila siku.

Tukio lililofundisha ulimwengu jambo hili lilitokea Marekani, katika Ziwa Clear lililoko California. Wakazi na watalii walikuwa wakisumbuliwa na wadudu wadogo wanaofanana na mbu lakini hawaumi, ndugu wa wale wanaopaa juu ya Ziwa Victoria kwa wingi mpaka wakaonekana kama moshi. Mwaka 1949 ziwa likatiwa DDD, dawa ya ukoo mmoja na DDT, kwa kiasi kidogo mno: sehemu 1 ya dawa kwa sehemu milioni 70 za maji. Wadudu walipungua, kisha wakarudi. Dawa ikatiwa tena mwaka 1954 na 1957, safari hizi sehemu 1 kwa milioni 50, yaani takriban miligramu 0.02 katika kila lita ya maji. Muda mfupi baada ya kutiwa, ukipima maji huioni tena.

Kisha kibisi wakaanza kufa. Hawa ni ndege wazamiaji wanaoishi kwa kula samaki, na ziwa lile lilikuwa na jozi zipatazo 1,000 zilizokuwa zikizaliana hapo. Uchunguzi wa kwanza ulitafuta ugonjwa wa kuambukiza na haukuupata. Mafuta ya ndege waliokufa yalipopimwa ndipo jibu likaonekana: miligramu 1,600 za DDD kwa kilo. Planktoni, vile viumbe vidogo vinavyoelea majini, ilikuwa na takriban miligramu 5 kwa kilo. Samaki wanaokula mimea walikuwa na kati ya 40 na 300, na kambare walao samaki wengine wakafika hadi 2,500. Ilipofika mwaka 1960 zilibaki jozi kama 30 tu za kibisi, na hazikuwa zikipata makinda.

Gawanya 1,600 kwa 0.02 utapata 80,000. Hiyo ndiyo namba inayonukuliwa sana, na nadhani wengi huinukuu bila kuiangalia vizuri. Kwanza, inalinganisha mafuta ya ndege na maji, wakati DDD hukimbilia mafuta na kukaa humo. Nyama ya ndege yuleyule ingeonyesha kiasi kidogo zaidi. Pili, hatua ya mwanzo, kutoka majini hadi kwenye planktoni, haihusiani na kula. Planktoni huifyonza dawa moja kwa moja kutoka kwenye maji yanayoizunguka. Kupanda kwa sumu kupitia chakula huanza pale kiumbe kimoja kinapomla kingine. Hatua hizi mbili zikitenganishwa, chanzo chake kinaeleweka, na mtu anaweza kufanya hesabu mwenyewe.

Tuifanye hesabu hiyo kwa zebaki na kwa samaki tunaowajua. Namba nitakazotumia kwa maji na planktoni nimezichagua ziwe rahisi kufuatilia, ila ziko katika ukubwa unaokutwa kwenye maziwa. Si vipimo vya mwalo wowote.

Zebaki inayotumika kushika dhahabu si ile inayopanda moja kwa moja kwenye mnyororo wa chakula. Inapofika kwenye tope lisilo na hewa chini ya ziwa au bwawa, bakteria huigeuza kuwa zebaki ya methili. Hii ndiyo huingia kwenye viumbe na kung'ang'ania protini za misuli. Sasa chukua ziwa lenye nanogramu 1 ya zebaki kwa lita, yaani sehemu moja ya milioni ya miligramu, ambapo nanogramu 0.05 tu ndiyo ya methili. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa zebaki katika maji ya kunywa ni mikrogramu 6 kwa lita, sawa na nanogramu 6,000, kwa hiyo maji haya yako chini ya kikomo mara 6,000. Mtu wa maabara atayapitisha bila wasiwasi, na kwa maji ya kunywa atakuwa amefanya sawa.

Planktoni ya ziwa hilo inafyonza zebaki ya methili mpaka inafikia miligramu 0.005 kwa kilo, mara 100,000 ya ile iliyo majini. Dagaa anakula planktoni. Ili aongeze kilo moja ya mwili, tuseme dagaa kwa pamoja wanahitaji kilo 5 za chakula. Kilo hizo 5 zina miligramu 0.025 za zebaki, na kama asilimia 80 yake inapita utumbo na kuingia mwilini, inabaki miligramu 0.02 ndani ya kilo moja ya dagaa. Sehemu kubwa ya chakula imetumika kama nguvu ya kuogelea na kuishi, ikatoka kama hewa na kinyesi. Zebaki nyingi haikutoka nayo. Chakula kimepungua mara 5, sumu imepungua kidogo tu, basi kila kilo inayobaki inabeba sumu mara 4 ya iliyokuwamo kwenye chakula.

Sangara mdogo akila dagaa, kwa hesabu ileile anafika miligramu 0.08 kwa kilo. Sangara mkubwa hula sangara wadogo, jambo ambalo kila mvuvi amewahi kuliona alipopasua tumbo la samaki. Huyo anafika 0.32. Kikomo kinachotumiwa sana kwa samaki wa kuuzwa ni miligramu 0.5 kwa kilo. Maji yaliyokuwa chini ya kikomo chake mara 6,000 yametoa samaki ambaye hajafika hata mara mbili chini ya kikomo chake.

Katika ziwa halisi hesabu hulegea kidogo. Sangara mkubwa hali sangara wenzake tu, anakula na furu na dagaa, kwa hiyo anapanda taratibu zaidi. Pia samaki hutoa zebaki, ingawa polepole sana. Na anayekua haraka huongeza nyama kuliko anavyoongeza sumu, hivyo sumu yake inasambaa kwenye mwili mkubwa zaidi. Nadhani hii ni sehemu ya sababu iliyofanya vipimo vilivyochapishwa vya sangara wa Ziwa Victoria kuonyesha wengi wao wakiwa chini ya kikomo, licha ya dhahabu inayochimbwa upande wa Geita. Wenye zebaki nyingi zaidi walikuwa wale wakubwa sana. Hiyo ni habari njema, lakini imepatikana kwa kupima samaki, tena kwa kuwapima kwa ukubwa wao. Maji yasingeweza kutuambia hivyo hata siku moja.

Kuna jambo lingine linalorudiwa sana ambalo si sahihi: kwamba metali nzito zote hupanda namna hii. Risasi haipandi hivyo. Huingia kwenye mifupa na matamvua, na kwa kawaida hupungua kadiri unavyopanda ngazi za walaji. Kadimiamu nayo hujikusanya kwenye ini na figo, na mara nyingi konokono na chaza ndio huwa nayo nyingi kuliko samaki mkubwa. Palipo na wasiwasi wa risasi karibu na mahali betri zinapoyeyushwa, pima udongo, vumbi na damu ya watoto, usihangaike na minofu ya sangara. Zebaki ya methili ndiyo metali inayofuata njia ya DDT, ila imejificha kwenye nyama badala ya mafuta. Ndiyo maana kutoa ngozi na mafuta ya samaki kunaweza kupunguza DDT, lakini kwa zebaki hakusaidii, wala kukaanga, kuchemsha au kubanika hakuiondoi.

Sasa tuje kwenye sahani. Kamati ya wataalamu ya FAO na Shirika la Afya Duniani iliweka, mwaka 2003, kiasi cha zebaki ya methili ambacho mtu anaweza kukivumilia kuwa mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa wiki, kwa kuangalia hasa usalama wa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Mama mjamzito wa kilo 60 ana nafasi ya mikrogramu 96, yaani miligramu 0.096, kwa wiki. Kwa sangara mkubwa wa mfano wetu, mwenye 0.32, hizo ni gramu 300 za mnofu: vipande viwili vya kawaida, na wiki imeisha. Kwa dagaa wa ziwa lilelile ni kilo 4.8 wabichi, kiasi ambacho hakuna anayekimaliza. Pwani, papa mwenye miligramu 1 kwa kilo, kiwango ambacho papa wakubwa hukifikia, angeijaza nafasi hiyo kwa gramu 96.

Kwa hiyo kumwambia mama mjamzito "punguza samaki" ni ushauri mbaya, kwa sababu unamnyima chakula anachokihitaji. Mwambie ale dagaa na sato, na awapishe papa na sangara wakubwa mpaka ajifungue na amalize kunyonyesha. Ushauri huo hauhitaji maabara, unaweza kutolewa kesho asubuhi kliniki, na mimi sioni sababu ya kuusubirisha.

Kwa wanaopima, ombi langu ni dogo. Kwenye mwalo mmoja chukueni sangara wa rika tatu kwa urefu, wadogo, wa kati na wakubwa, angalau kumi kila rika. Andikeni urefu na uzito wa kila mmoja, mkate kipande cha nyama ya mgongoni, kisha mpime zebaki yote, kwa kuwa kwenye nyama ya samaki mlaji karibu yote huwa ya methili. Mkikusanya wadogo pekee kwa sababu ni rahisi kuwapata, mtatangaza usalama ambao haupo. Na kwenye karatasi ya majibu iandikwe wazi kama namba ni ya nyama mbichi au kavu. Kilo 4 hivi za dagaa wabichi hubaki kilo 1 wakikaushwa, maji yanatoka na zebaki inabaki, hivyo samaki yuleyule anaweza kuonekana na sumu mara nne kwa sababu tu aliyepima alianza na mkavu. Nimeona watu wakibishana kwa nguvu juu ya matokeo mawili yaliyopishana hivyo, kumbe yalikuwa yanakubaliana.