Mita Haisahau Joto la Kaskazi

Hapa Mombasa hatuchagui mpango wa umeme kwa kujaza fomu na kutia alama kwenye kisanduku. Mteja wa nyumbani huwekwa katika kundi la bei kwa kuangalia yuniti anazotumia, na kundi hilo ndilo mpango wake, awe analijua au halijui. Kwa sababu hiyo watu wengi huamini kwamba hawana uchaguzi wowote, na mazungumzo ya stima huishia kwenye malalamiko kwamba tokeni za elfu moja siku hizi hazifiki popote. Mimi naona uchaguzi upo. Upo katika daftari la yuniti za kila mwezi, na hasa katika mstari mmoja wa yuniti 100.

Tangu Aprili 2023, EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, iligawa wateja wa nyumbani katika makundi matatu. Wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi walipangiwa bei ya msingi ya shilingi 12.22 kwa yuniti, walio kati ya 30 na 100 shilingi 16.30, na waliopita 100 shilingi 20.97. Bei hizo hurekebishwa kila baada ya muda, kwa hiyo ninazitumia hapa kama mfano wa hesabu tu, na msomaji aweke za mwezi wake. Kisichobadilika ni umbo lenyewe la ngazi hizi, nalo ndilo linaloeleweka vibaya.

Wengi wetu bado tunabeba kumbukumbu ya mfumo wa kabla ya 2018, ambapo yuniti 50 za kwanza ziliuzwa kwa shilingi 2.50 na zilizofuata kwa shilingi 12.75. Wakati ule kila mtu alipata zile za mwanzo kwa bei ya chini, hata tajiri mwenye viyoyozi vitano. Ndipo ulipotoka ushauri ambao ungali unasikika mtaani, kwamba ununue tokeni kidogo kidogo, au ununue tarehe mosi kabla bei haijapanda. Mfumo wa sasa haufanyi kazi hivyo. Ukiwa katika kundi la juu, yuniti yako ya kwanza ya mwezi inauzwa kwa bei ya juu sawasawa na ya mwisho. Ngazi hapa si ya kupanda hatua kwa hatua. Ukikanyaga kidato cha pili, mzigo wote ulioubeba unapimwa upya kwa bei ya kidato hicho.

Tofauti hiyo ni kiasi gani? Bei ya msingi ya kundi la kati na ya kundi la juu inapishana kwa shilingi 4.67. Juu yake kuna asilimia 5 ya kusambaza umeme vijijini, inayohesabiwa kutokana na bei ya msingi, na asilimia 16 ya VAT. Ukijumlisha, tofauti inafika takriban shilingi 5.65 kwa kila yuniti. Tozo ya mafuta na marekebisho ya fedha za kigeni hubadilika kila mwezi na huwachosha watu wanaojaribu kupiga hesabu, lakini katika swali hili hazina haja ya kuhesabiwa, kwa kuwa ni zile zile katika makundi yote mawili. Aliyetumia yuniti 104 kwa bei ya juu amelipa shilingi 588 zaidi ya ambazo angelipa kwa yuniti hizo hizo katika kundi la kati.

Ili kujua uko kundi gani, usiangalie umepata yuniti ngapi kwa elfu moja, kwa maana kama kuna deni linalokatwa, jibu litakudanganya. Fungua ujumbe wa tokeni na uangalie sehemu hizi:

```
Units:31.4
Amt:1000.00
TknAmt:658.46
OtherCharges:341.54
```

Gawanya `TknAmt` kwa `Units`. Katika mfano huu, 658.46 kwa 31.4 ni 20.97, na hapo kundi limejitaja lenyewe. Ningependa ujumbe ule uandike jina la kundi waziwazi, kwa kuwa nafasi ya neno moja haikosekani, lakini kwa sasa kikokotoo cha simu kinatosha.

Sasa nieleze nyumba ya shangazi yangu kule Kisauni, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha jambo ambalo jedwali la bei peke yake halikunionyesha. Alinunua yuniti 112 mwezi wa Januari, 116 Februari, 119 Machi, 104 Aprili, 93 Mei, 85 Juni na 81 Julai. Mwenendo huo hautamshangaza mtu wa pwani: kaskazi ni msimu wa jua kali, feni hazizimwi usiku kucha na friji inahema, kisha mvua na upepo wa kusi hupoza nyumba. Mwezi wa Mei aliniita akiwa na hasira. “Mwanangu, nimeshuka chini ya mia, mbona bei ni ile ile?”

Jibu ni kwamba kundi haliamuliwi na mwezi ulionao, bali na wastani wa miezi mitatu iliyopita. Mwezi wa Mei alikuwa akibebwa na Februari, Machi na Aprili, ambazo wastani wake ni 113. Juni ilibebwa na Machi, Aprili na Mei, wastani 105. Ilipofika Julai tu, kwa wastani wa 94, ndipo alipoteremka. Miezi miwili aliyokuwa ameshapunguza matumizi, jumla yuniti 178, alizilipia kwa bei ya juu, na tofauti yake ni karibu shilingi 1,006. Joto la Machi lilikuwa limekwisha ukutani lakini lingali kwenye hesabu.

Kwa hiyo hesabu ya kufuata si ya mwezi mmoja. Ni jumla ya miezi mitatu, nayo isizidi 300. Ukiandika hivyo, utaona mara moja ni mwezi gani uliokugharimu. Kama Machi ingekuwa na yuniti 102 badala ya 119, jumla ya Machi hadi Mei ingekuwa 299, na Juni yote angeinunua kwa bei ya kati. Yuniti 17 tu za Machi zingemwokolea takriban shilingi 480 mwezi wa Juni, mbali na thamani ya yuniti zenyewe. Feni moja ya wati 60 inayowashwa kwa muda wa saa kumi kila usiku hula yuniti 18 kwa mwezi. Kiyoyozi cha chumba kinachovuta kilowati moja humaliza 17 kwa saa kumi na saba. Simshauri mtu alale kwenye joto la Mombasa bila feni. Nasema tu kwamba yuniti hizo zinaweza kutafutwa mahali pengine, na ni lazima kwanza ujue ziko wapi.

Kwa shangazi zilikuwa kwenye friza. Anauza barafu za ukwaju na za maziwa, na friza yake ni ya zamani, mpira wa mlango umelegea na theluji imejaa pembeni. Tuliipima kwa njia ya kizamani: usiku mmoja tulizima kila kitu kingine, tukasoma mita kabla ya kulala na baada ya muda wa saa nane, na yuniti nusu ilikuwa imekwenda. Maana yake ni yuniti moja na nusu kwa siku, yaani 45 kwa mwezi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na watu wanaohesabu gharama ya kifaa kwa kuzidisha yuniti zake kwa bei. Kwa kipimo cha ujumbe ule wa juu, yuniti moja ilimfikia kwa shilingi 31.85 tozo zote zikiwemo, na 45 ni shilingi 1,433. Lakini bila friza, mwezi wa Machi angetumia 74, na nyumba ikikaa hapo angekuwa katika kundi la kati. Friza ndiyo inayozivusha zile 74 nyingine mpaka bei ya juu, na hilo peke yake ni shilingi 418. Gharama yake halisi basi ni shilingi 1,851. Akiuza barafu kwa shilingi kumi, anahitaji kuuza 186 ili alipe umeme tu, kabla ya ukwaju, sukari na mifuko. Wakati wa joto, watoto wakitoka madrasa, idadi hiyo si kitu. Mwezi wa Julai, mvua ikinyunyiza na friza ikiwa nusu tupu, anawauzia watoto umeme kwa hasara.

Kuna hali moja ambayo hesabu hii haiokoi kitu, nayo ni mita ya pamoja. Katika nyumba nyingi za kupanga Majengo na Likoni, vyumba vinne hutumia mita moja ya mwenye nyumba, kila kimoja na mita ndogo yake ndani. Kila familia ikitumia yuniti 45, hakuna iliyokaribia 100, lakini mita kubwa inasoma 180 na wote wanalipishwa bei ya juu: tofauti ya shilingi 1,017 kwa mwezi, au kama 254 kwa kila chumba. Hakuna kuzima taa kutakakowatoa hapo. Kinachowatoa ni mita tofauti, na mwenye nyumba anayekataa kuziweka angalau aonyeshwe hesabu hiyo kabla ya kupandisha bei ya yuniti kwa wapangaji wake.

Kundi la chini, la yuniti 30, sitalizungumzia sana. Friji ya kawaida peke yake hula karibu kiasi hicho. Chumba chenye taa, simu, redio na feni moja kinaweza kukaa humo. Mwenye friji asijisumbue, aelekeze macho kwenye 100.

Shangazi sasa ameitengeneza friza mpira mpya, na huizima kuanzia Juni mpaka joto lirudi. Nyuma ya daftari lake la wadeni ana safu tatu za miezi na jumla yake chini. Kwa kuwa mtu wa tokeni huhesabiwa kwa alichonunua, jumla ikikaribia 300 na mita ikiwa bado ina yuniti za kumfikisha mwisho wa mwezi, husubiri tarehe mosi ndipo anunue. Mara ya mwisho nilipopita, ilikuwa 294, tarehe 27, na mita ikionyesha yuniti 13. Alikuwa ameshawaambia wajukuu kwamba nguo za shule zitapigwa pasi Jumapili, zote kwa mara moja.