Tatizo ni samaki

“Wiki nzima sokoni bila kaveera, yaani mfuko wa plastiki, kapu tu. Nani yuko tayari?”

Mimi niko tayari, ila wauza samaki nao waingie. Nyanya na viazi havina shida kapuni. Samaki ndiye anayerudisha kaveera, kwa sababu maji yake hulowesha kapu la mafunjo mpaka linanuka na kuoza. Dawa ni majani ya mgomba, lakini jani bichi hupasuka likikunjwa. Lipitishwe juu ya moto hadi lilainike na kung’aa, halafu uti wake mnene ukatwe. Samaki apimwe kwenye mzani kwanza, afungwe kwa majani mawili yaliyopishana. Nyumbani, kapu likaushwe siku hiyohiyo. Jamani wa soko la Nakasero, Kampala, nani ataanza kesho?