Yale mawimbi mawili kwenye app yamenipeleka majini

Jamani naomba mnisikilize kabla sijaongea peke yangu barabarani. Shemeji yangu wa nje katuma dola 200 za kununulia dagaa, zimeingia kwenye ile app yenye mifuko ya pesa tofauti tofauti, naifungua naona USD 200.00, chini yake kwa herufi ndogo za kichokozi ≈ TZS 520,000. Mi nikajua ile ≈ ni urembo tu, si tuko Mwanza bwana, nikadhani wamechora ziwa. Nikaenda Mwaloni Kirumba kifua mbele, nikapatana na mama wa dagaa mzigo wa laki tano na ishirini kamili.

Nabonyeza kubadilisha, Ada: 0, nikasema hawa watu wamelelewa. Pembeni kuna kisaa kinahesabu sekunde 30, ndani ya hizo sekunde rate haibadiliki, sasa mtu na sekunde 30 anasoma saa ngapi? Nikathibitisha. Ikaingia 507,000. Elfu kumi na tatu imeenda wapi na ada ni sifuri??

Mama wa dagaa akanicheka. "Baba, gawanya hiyo uliyopata kwa dola zako." Nikagawanya kwa 200, ikaja 2,535. Ile 520,000 ya mwanzo walipiga kwa 2,600. Akasema, "Mimi sado ya dagaa nanunua bei moja nauza nyingine, bei ya katikati ipo ila hakuna anayeipewa. Hiyo 2,600 ndo ya katikati, ya kukuonyesha tu mfuko wako una thamani gani. Ya kubadilishia wameshatoa chao humo humo, ada ya nini tena?" Yaani asilimia mbili na nusu imekatwa na risiti inasema sifuri, na hajadanganya mtu! Na kwenye ukurasa wa kuthibitisha iliandikwa kabisa 1 USD = 2,535 TZS, mi macho yangu yako kwenye kisaa.

Hapo mwenye akili angenyamaza. Mi nikapandwa na hasira, nikasema nazirudisha ziwe dola kama zilivyokuja, watanitambua! Kumbe kurudi unanunua dola kwao, na wao wanaiuza 2,665. Nikarudishiwa USD 190.24. Dola karibu kumi zimeliwa na sijanunua hata dagaa mmoja wa kuonja, nimesimama tu juani nazungusha pesa kama pangaboi.

Mama wa dagaa akaniuliza taratibu, "Sasa baba, una shilingi ngapi?" Nikaangalia simu, ≈ TZS 494,624, na yale mawimbi bado yapo.

Nikamwambia mama, hiyo sio pesa, hiyo ni hali ya hewa.